Roboti ya simu ikimjibu mkulima wa viazi, jibu lake linapimwa kwa mzani gani?

Na Mwandishi Wetu, Njombe

UKIFIKA Makambako, pale barabara kuu ya kwenda Zambia inapoachana na ile ya Njombe na Songea, hutakaa muda mrefu bila kuona gunia la viazi lililovaa kilemba. Ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likashonewa kofia ya wavu juu yake, na viazi vingine vikapangwa humo. Mkulima analiita gunia moja. Dalali naye analiita gunia moja. Wakala wa Vipimo analiita lumbesa, na Sheria ya Vipimo inalikataa, kwa kuwa gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100.

Ugomvi wa lumbesa hautokani na watu kutojua kuhesabu. Unatokana na neno moja, gunia, ambalo kila mmoja amelibebesha uzito wake. Ugomvi wa namna hiyo hiyo umeingia sasa katika kazi ambayo wakulima wengi hawajaisikia, nayo ni ya kupima majibu ya roboti za mazungumzo.

Roboti hizi si za chuma. Ni programu za akili mnemba, au akili unde kama wengine wanavyoiita, ambazo mkulima anaziandikia swali kwenye simu, mara nyingi kwa WhatsApp, na kujibiwa papo hapo. Kwa jirani zetu Kenya ipo Farmer.Chat ya shirika la Digital Green, ambayo pia imetumika Ethiopia, Nigeria na India. Mwaka 2024 wenyewe walieleza kuwa ilikwishahudumia wakulima zaidi ya 15,000 na kujibu maswali zaidi ya 300,000.

Maswali 300,000 hayawezi kupitiwa yote na bwana shamba. Kinachofanyika katika kazi hizi ni kuchukua sampuli ya majibu, kuwapa watu wanaojua kilimo na lugha, na kuwaomba watoe alama. Alama hizo ndizo zinazoamua kama roboti itatolewa kwa wakulima, irekebishwe wapi, au izuiwe kabisa kujibu maswali ya aina fulani. Alama zikiwa za ovyo, uamuzi nao utakuwa wa ovyo, na atakayelipa ni mwenye shamba.

Na alama huwa za ovyo kwa urahisi kuliko mtu anavyofikiri. Kampuni ya Marekani ya OpenAI ilipotoa taarifa ya utafiti wake mwaka 2022, kabla ChatGPT haijatoka, ilieleza kuwa iliajiri watu wapatao 40 kulinganisha majibu ya kompyuta na kusema lipi ni bora. Watu hao walichujwa kwa majaribio na kupewa maelekezo ya maandishi. Hata hivyo walikubaliana wao kwa wao takriban mara 73 katika kila 100. Kama waliochujwa na kufundishwa wanatofautiana zaidi ya mara 25 katika 100, mtu anayekusanya maafisa ugani watano na kuwaambia "toeni alama kuanzia 1 hadi 5" asitegemee miujiza.

Viazi vilivyonyauka mchana

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini wa jambo ambalo mkulima yeyote wa Njombe atalitambua. Mkulima anaandika: "Viazi vyangu vinanyauka mchana, majani bado ya kijani, nipige dawa gani?" Roboti inajibu kwa Kiswahili safi kwamba huo ni ukungu, apige mankozebu gramu 50 kwa lita 20 za maji, arudie kila baada ya siku 7, avae glovu na barakoa, na asipulize wakati wa upepo.

Jibu hilo linapelekwa kwa wapimaji wawili wasioonana. Wa kwanza anatoa alama 4 kati ya 5. Lugha ni nyepesi, kipimo cha dawa ni kile kile kinachoonekana kwenye vibandiko vingi, na tahadhari zipo. Wa pili anatoa alama 1. Anasema mmea unaonyauka ukiwa bado wa kijani hauna dalili za ukungu. Ukungu huanza na mabaka meusi au ya kahawia kwenye majani, hasa wakati wa mvua na baridi. Huu kwake ni mnyauko wa bakteria, ugonjwa usio na dawa ya kupuliza.

Nani amekosea? Ukiutazama mwongozo waliopewa, ulioandika "jibu zuri lipewe alama za juu, jibu baya alama za chini", hakuna aliyekosea. Wa kwanza amepima uandishi na kipimo cha dawa, wa pili amepima kama jibu linafaa kwa swali. Neno "zuri" limefanya kazi ya neno "gunia".

Wapo wasimamizi ambao hapa wangechukua 4 na 1, wakajumlisha na kugawa kwa mbili, wakaandika 2.5 na kuendelea. Hilo ni kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii. Hakuna aliyesema jibu ni la wastani. Mmoja amesema ni zuri, mwingine amesema litamtia mkulima hasara, na ile 2.5 imefuta habari ya maana kuliko zote, yaani kwamba kuna jambo mwongozo haukulisema.

Tiba ni kuacha kuuliza kama jibu ni zuri, na kuuliza litamfanyia nini mkulima akilifuata kama lilivyo. Mwongozo wa namna hiyo unaweza kutosha katika nusu ukurasa. Alama 1 ni jibu ambalo mkulima akilifuata atapoteza fedha, mazao au afya. Alama 2 halimdhuru lakini halimsaidii, kama vile kumwambia "fuata kanuni bora za kilimo". Alama 3 ni sahihi, ila limeacha jambo moja ambalo itabidi aulize kabla ya kutenda. Alama 4 anaweza kulibeba hadi shambani. Ngazi zimekuwa nne badala ya tano makusudi, maana ile ya katikati ndiyo kichaka cha mpimaji asiyetaka kuamua.

Mpangilio wa maswali nao una uzito wake. Mpimaji aulize kwanza juu ya madhara. Akiyakuta, anaandika 1 na kuacha hapo hapo, na Kiswahili kizuri hakiwezi kulipandisha jibu hilo. Ndipo anauliza kama limejibu kilichoulizwa, kisha kama limekamilika. Lugha inakuja mwisho, na ipimwe katika safu yake yenyewe, isichanganywe na usahihi. Anayewahi kusahihisha mitihani anajua mwandiko mzuri unavyoweza kumhonga msahihishaji.

Hata hapo ugomvi haujaisha. Mpimaji wa tatu anaweza kulipa jibu letu alama 2, akieleza kuwa mankozebu haiui kiazi chenye mnyauko, kwa hiyo halidhuru, ila halisaidii. Hoja yake ina mantiki. Ndiyo maana mwongozo unahitaji mifano ya mpakani, yaani majibu yaliyo karibu na mstari kati ya alama moja na nyingine, kila mmoja na sababu yake. Hapa sababu itaandikwa hivi: alama 1, kwa kuwa wakati mkulima anapuliza, mche mgonjwa unabaki ardhini, maji na majembe yanasambaza bakteria kwenye mistari ya jirani, na viazi vya shamba hilo huenda vikauzwa kama mbegu. Jibu sahihi lingemwelekeza ang'oe mche mgonjwa pamoja na udongo wake autoe shambani, asiweke akiba ya mbegu kutoka hapo, na asirudishe viazi, nyanya, bilinganya wala pilipili katika eneo hilo kwa misimu kadhaa.

Mifano ya mpakani ina thamani kuliko mifano ya wazi. Kila mtu anajua kwamba kumshauri mkulima anywe dawa ya kuua wadudu ni alama 1, na kuliandika hilo kwenye mwongozo ni kupoteza wino.

Upo pia mpaka wa upande wa juu. Tuseme roboti haikutaja dawa yoyote, bali iliuliza: "Je, jioni majani yanarudi kusimama? Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, utazame kwa dakika chache kama kuna nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka." Wapo watakaosema haikujibu, wakaipa 2. Lakini hicho ndicho kipimo cha mnyauko wa bakteria ambacho bwana shamba mwenyewe angekifanya, na dalili ambazo mkulima ametaja zinaweza pia kuwa ukame au wadudu wakatao mizizi. Kanuni iandikwe kwamba swali lisipotosha kuamua, kuuliza jambo moja linalohitajika ni kujibu. Isipoandikwa, alama zitaifundisha roboti kubahatisha kwa kujiamini, kwa sababu kila ikiuliza inapata alama ndogo.

Heka ya Njombe na hekta ya kitabuni

Ugomvi mwingine unatokana na lugha, na huu mtu aliyeketi mbali hauoni kabisa. Mkulima wa Njombe akisema heka, anamaanisha ekari. Programu iliyosoma vitabu inaweza kuichukua heka kuwa hekta, na hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Tuseme kipimo sahihi cha mbolea fulani ni mifuko 5 ya kilo 50 kwa hekta. Kwa ekari hiyo ni mifuko 2. Roboti ikiandika "weka mifuko 5 kwa heka", mpimaji anayesoma heka kama hekta atatoa 4 kwa moyo mweupe. Mpimaji wa Wanging'ombe atatoa 1, maana anamwona mkulima akinunua mifuko mitatu asiyoihitaji.

Kanuni inayomaliza hili ni fupi: kila neno la kipimo lisomwe kama anavyolisoma mkulima aliyeuliza, siyo kama lilivyo kwenye kamusi. Chini yake inawekwa orodha ya maneno ya mahali hapo pamoja na maana zake, na heka, debe na gunia hayawezi kukosa. Orodha hiyo haitungwi ofisini Dar es Salaam. Inatungwa na watu wanaouza na kununua Makambako.

Bei zinafuata mkondo huo. Mfanyabiashara anauliza gunia la viazi ni kiasi gani leo, roboti inamjibu Sh 70,000. Kiasi hicho kinaweza kuwa cha kweli na bado kikamponza, kwa kuwa hakuelezwa ni gunia la kilo 100 au la kilemba, ni bei ya shambani au ya sokoni, na ni ya siku gani. Hapa mpimaji asilazimishwe kukisia kama bei ni sahihi, kwani naye hakuwa sokoni. Mwongozo useme tu kwamba jibu la bei lisilotaja tarehe, mahali na uzito halipiti alama 2. Hilo linaonekana kwa macho, na wapimaji kumi wataliona sawasawa.

Asilimia 80 inayodanganya

Msimamizi atajuaje kama mwongozo wake umeanza kushika? Njia ya haraka ni kuwapa wapimaji wawili majibu yale yale 100, kila mmoja peke yake, na kuhesabu walikokubaliana. Lakini hesabu hiyo ina mtego.

Ili tusizame kwenye namba, tuwaombe wapimaji waseme tu kama jibu limefaulu au limeshindwa. Wote wawili wamefaulisha majibu 70. Wote wamefelisha 10. Majibu 8 yamefaulishwa na wa kwanza lakini wa pili ameyafelisha, na 12 ni kinyume chake. Wamekubaliana 80 kati ya 100, na ni rahisi kupiga makofi.

Sasa tazama tena. Wa kwanza kwa jumla amefaulisha 78, wa pili amefaulisha 82. Watu wawili waliozoea kufaulisha kiasi hicho, hata wangegawa alama wamefumba macho, wangekutana mara nyingi kwa bahati. Zidisha 0.78 kwa 0.82 upate 0.64, hapo wamekutana kwenye kufaulu. Zidisha 0.22 kwa 0.18 upate 0.04, hapo wamekutana kwenye kufeli. Jumla ni 0.68. Kwa hiyo bahati peke yake ingewapa makubaliano 68. Nafasi iliyobaki ya kuonyesha kazi ni 32, na wao wameongeza 12 tu. Gawa 12 kwa 32, utapata karibu 0.38.

Namba hiyo inaitwa kapa, na kanuni yake ilichapishwa mwaka 1960 na mwanasaikolojia wa Marekani, Jacob Cohen. Moja kamili maana yake wamekubaliana kila mahali, sifuri maana yake hawajaishinda bahati. Mstari wa kusema "sasa inatosha" ni wa mazoea tu, lakini wengi hawaridhiki chini ya 0.6, na kwa maswali ya dawa na sumu ni busara kudai zaidi. Kwa 0.38, mwongozo urudi mezani.

Kapa ihesabiwe pia kwa kila aina ya swali. Wapimaji wanaweza kuelewana vizuri juu ya tarehe za kupanda mahindi huku wakipishana kila mahali kwenye magonjwa ya viazi, na namba ya jumla ikaficha hayo yote.

Kukaa mezani

Yale majibu 20 waliyotofautiana ndiyo mali. Kila mpimaji aandike sentensi moja ya sababu kabla hajaona alama ya mwenzake, kwa sababu akishaiona, mwenye sauti ya upole atamfuata mwenye cheo. Katika wilaya zetu, ambako afisa kilimo na msaidizi wake wanaweza kuketi meza moja, hili si jambo dogo.

Kisha sababu zinagawanywa. Nyingine ni kuteleza: mtu alisoma haraka, akiliona tena anacheka na kubadilisha. Hizo hazihitaji kanuni. Zikiwa nyingi, huenda watu wanalipwa kwa idadi ya majibu na wanakimbiza mkono. Nyingine ni za ukweli usiojulikana mezani, kwa mfano kama dawa fulani imesajiliwa. Hapo kura haipigwi. Inatazamwa orodha ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, au anaulizwa mtafiti wa TARI Uyole, na kinachopatikana kinaandikwa. Wataalamu watatu wakipiga kura juu ya jambo ambalo lingeweza kutazamwa kwenye orodha, wanapoteza muda, na wanaweza kushinda kwa wingi na bado wakakosea.

Zinabaki zile ambazo kila mtu amesoma vizuri, ukweli unajulikana, na bado wanatofautiana kwa kuwa mwongozo unaruhusu njia mbili. Hizi ndizo za mtu wa tatu, mwamuzi aliyetajwa mapema, ambaye hakutoa alama kwenye jibu hilo. Kazi yake haiishi kwa kusema nani kashinda. Anaandika kanuni mpya katika sentensi moja au mbili, anaweka mfano uliozaa ugomvi, anatia tarehe na namba, na vyote vinaingia kwenye daftari la maamuzi ambalo kila mpimaji analo.

Hatua inayosahaulika inakuja baada ya hapo. Kanuni mpya ikiingia leo, majibu ya aina hiyo yaliyopimwa wiki zilizopita yanabaki na alama za kanuni ya zamani. Yasiporudiwa, chati itaonyesha roboti imeshuka au imepanda, kumbe kilichobadilika ni mzani. Kwa sababu hiyo hiyo, kila fungu la kazi lichanganywe na majibu machache ambayo alama zake zilikwishaamuliwa, bila mpimaji kujua ni yapi. Ni kama yale mawe ya Wakala wa Vipimo yanayowekwa kwenye mzani wa duka. Mpimaji aliyekuwa akiyapatia mwezi uliopita na sasa anayakosa, ama amechoka, ama ameanza kutumia kanuni yake ya moyoni.

Kapa ikipanda hadi 0.8 bado jambo moja halijathibitishwa. Wapimaji wote wanaweza kuwa wamesoma chuo kimoja, wakakubaliana kwa uzuri juu ya kosa lile lile. Hilo hujulikana kwa kumleta mara kwa mara mtu wa nje ya kundi: muuza pembejeo wa Makambako, mkulima wa mbegu aliyekaguliwa na TOSCI, mtafiti. Huyo anapewa majibu ambayo wote walikubaliana, siyo yale waliyogombania.

Na yapo maswali ambayo mwongozo mzuri hautakiwi kuyalazimisha. Mkulima akiuliza kama auze mahindi yake sasa au asubiri NFRA waanze kununua, maafisa wawili waaminifu wanaweza kutofautiana mpaka usiku. Mmoja anafikiria ada ya shule ya Januari, mwingine anafikiria bei ya Machi. Kwa swali hilo mpimaji asiulizwe kama ushauri ni sahihi. Aulizwe kama jibu limemweleza mkulima gharama ya kuhifadhi, hatari ya dumuzi, na kwamba bei inaweza kushuka. Kama wapimaji wataendelea kupishana baada ya hapo, alama zote mbili ziandikwe zilivyo, na mbele yake iandikwe kuwa hapa hakuna mwafaka.